Bahasha ya kaki iliyoandikwa 1x3

Baba alianguka saa nane usiku akienda msalani. Nyumba yetu ya Buruburu si kubwa, hatua kumi tu kutoka kitandani kwake hadi mlangoni, lakini alinaswa na zulia na kujigonga begani. Tulipomwinua akaniuliza kama ng'ombe wamefungwa. Hatujawahi kufuga hata mmoja tangu tuhamie Nairobi. Mdomo wake ulikuwa mkavu hadi ulimi unashika, na kumbe tangu jioni mkojo ulikuwa umegoma. Hospitalini wakamwekea mpira, kibofu kikashuka, na mchana wa kesho yake akili ikaanza kurudi.

Ndugu zangu wote wakainyooshea kidole chupa ya peremende za usingizi ambayo binamu alituletea kutoka Marekani. "Ni hizo melatonini!" Nilikaa mezani na chupa hiyo, na vitu vingine vyote nilivyokuta kando ya kitanda, nikapiga hesabu. Tangu siku hiyo maoni yangu ni haya: chupa ya Marekani ilikuwa na makosa yake, ila mshtakiwa mkuu alitoka kwenye duka la dawa la mtaani, tena ndani ya bahasha ya kaki.

Nianze na chupa. Mbele imeandikwa 10 mg kwa herufi kubwa. Nyuma, kwa herufi za kusomwa na miwani, wanasema kiasi hicho ni cha peremende mbili. Kwa hiyo moja ni 5 mg. Baba alikuwa anatafuna moja, anangoja nusu saa, haoni kitu, anaongeza ya pili, halafu ya tatu. Hiyo ni 15 mg. Melatonini haikugongi kichwani ulale. Ni homoni ambayo ubongo wenyewe huitoa giza likiingia, kuuarifu mwili kwamba usiku umefika. Kwa mtu mzima nusu miligramu hadi 3 mg hutosha kwa kawaida, na humezwa saa moja au mbili kabla ya kulala, si ukiwa tayari umejifunika blanketi na kukodolea dari. Ukiona chupa imeandikwa 300 mcg, usidhani ni nyingi kuliko 3 mg. Mikrogramu 1,000 ndizo zinazofanya miligramu 1, kwa hiyo 300 mcg ni 0.3 mg tu, moja ya kumi ya ile nyingine.

Halafu kuna swali la kama kilichoandikwa ndicho kilichomo. Marekani tangu 1994 vitu hivi huuzwa kwa sheria ya virutubisho, si ya dawa, ilhali Uingereza melatonini hutolewa kwa cheti cha daktari. Mwaka 2017 watafiti wa Kanada walipima bidhaa 31 za melatonini. Kiasi halisi kilianzia asilimia 83 chini ya kilichoandikwa hadi asilimia 478 juu yake, na 8 kati yake zilikuwa na serotonini ambayo haikutajwa popote. Mwaka 2023 Wamarekani wakapima peremende za aina 25, na 22 hazikulingana na karatasi yake. Ile 15 mg ya Baba, basi, ni hesabu ya karatasi tu.

Chini ya melatonini kuna mstari mwingine: mchanganyiko wa mitishamba, 150 mg. Ndani yake mna mzizi wa valeriani, kamomaili na aina ya pasheni, ambayo si hii tunayokamulia juisi. Kila mmoja ni kiasi gani? Hawasemi, wanatoa jumla tu. Mimi mtu akinificha kipimo simpi tumbo langu, lakini hayo ni yangu. Valeriani nayo inaweza kuleta usingizi, na ukiiweka juu ya dawa nyingine ya kulewesha, huongeza uzito palepale.

Sasa bahasha. Baba alikuwa na mafua siku tatu. Alienda dukani, akakatiwa vidonge kutoka kwenye karatasi yake, vikatiwa kwenye bahasha ya kaki, juu pakaandikwa kwa kalamu "1x3". Jina la dawa hakuna. Siku iliyofuata baada ya kuanguka kwake nilienda kuuliza: kila kidonge kilikuwa na parasetamoli na klorofeniramini 4 mg, yaani dawa ileile tunayoiita Piriton. Vitatu kwa siku ni 12 mg, na hicho ndicho kikomo cha siku nzima kwa mtu wa umri wake wa miaka 72. Hakuvuka mstari, ila hakubaki na nafasi hata ya tone.

Tone likaja kwenye chupa ya dawa ya kikohozi. Ilikuwa na difenhidramini, 14 mg kwa kila mililita 5. Baba alikunywa mililita 10 kabla ya kulala, akapata 28 mg. Huko ng'ambo difenhidramini hiyohiyo huuzwa kama kidonge cha usingizi, na kidonge kimoja mara nyingi ni 25 mg. Mzee alikunywa dawa ya usingizi akiamini anatuliza kifua, juu ya dawa nyingine ya jamii hiyohiyo, kisha akatafuna peremende tatu.

Dawa hizi za mzio za kizazi cha zamani huingia hadi kwenye ubongo na kuziba histamini, ambayo ndiyo hutuweka macho. Haziishii hapo. Huziba pia mawasiliano ya neva yanayolowesha mdomo, kuendesha utumbo, kukaza kibofu na, kwa wazee hasa, kushika kumbukumbu. Mwanamume mwenye tezi dume iliyovimba, kama Baba, ndiye wa kwanza kushindwa kukojoa. Mdomo mkavu, mkojo kugoma, kuulizia ng'ombe wasiokuwepo: yote kwa pamoja, si kawaida ya melatonini.

Saa nazo zinasema. Melatonini ya kawaida hupungua kwa nusu mwilini chini ya saa moja. Klorofeniramini huchukua kama saa 20, na kwa mzee huweza kuzidi. Kidonge alichomeza saa kumi na mbili asubuhi, nusu yake ilikuwa bado inazunguka saa nane usiku alipoanguka, pamoja na masalia ya jana na juzi. Ndiyo maana usiku wa kwanza na wa pili alitembea vizuri.

Najua wengi hapa jijini humeza Piriton makusudi ili walale, na wahudumu wengine hukupa bila kuuliza. Siungi mkono. Baada ya siku tatu nne mwili huzoea na usingizi ule hupungua, mtu akaongeza kidonge, huku ukavu na kuchanganyikiwa vikibaki palepale. Akiongezea bia mbili, kupumua kwenyewe kunaweza kulegea. Ukimwita mtu haamki, au anakoroma kwa kukwama, usimtapishe wala kumnywesha maziwa. Mlaze ubavu, mpeleke hospitali, na ubebe kila bahasha na kila chupa.

Juzi nilienda kumnunulia Baba dawa ya mafua. Kijana wa dukani akakata vidonge, akaandika 1x3, akanipa. Nikairudisha bahasha. "Niandikie jina, na miligramu." Akaniangalia, akaangalia foleni nyuma yangu. "Mzee ana presha?" "Ana tezi dume." Akavitoa vile vidonge, akavirudisha kwenye boksi, akanipa parasetamoli tupu.