Kisa kinaanza pale "nika-" inapoanza

Wiki iliyopita nilimsimulia rafiki yangu jambo lililonigusa sana, na nikamwona akiniponyoka huku nikiendelea kusema. Nilianza hivi:

"Basi, ilikuwa Jumanne. Hapana, Jumanne nilikuwa kazini, itakuwa Jumatano. Nilikuwa natafuta fundi wa mashine ya kufulia, maana yetu ilikuwa imeanza kuvuja tangu mwezi jana, na fundi wa kwanza alikuwa ameshahama. Sasa jirani alikuwa amenipa namba ya fundi mwingine, ila aliiandika harakaharaka, ile saba ilikuwa kama moja…"

Mwanzoni alikuwa akiniitikia "enhe". Kufikia ile saba, "enhe" ilishageuka "mmh", na macho yalishahamia mlangoni. Nikaona nimechelewa, nikakimbilia mwisho: kumbe nimekosea namba, akapokea mama mmoja, akadhani mimi ni mwanawe, tukaongea, yaani inasikitisha, unajua wazee wanakuwa wapweke, basi ndo hivyo. "Duh, pole," akasema, na mazungumzo yakaenda kwingine.

Nimekuwa nikifikiria kisa kile tangu siku hiyo, kwa sababu naamini kilistahili zaidi. Mwaka 1967 wanaisimu wawili wa Marekani, William Labov na Joshua Waletzky, walichapisha uchambuzi wa visa ambavyo watu wa kawaida husimulia juu ya maisha yao. Walitenganisha sentensi zinazopanga mazingira, yaani nani, wapi, lini, na zile zinazosogeza tukio, ambazo ukizipangua mfuatano wake kisa kinabadilika. Sisi wasemaji wa Kiswahili tuna bahati: aina hii ya pili mara nyingi tunaisikia kwa sikio. Ni ile "-ka-". Nikapiga, akapokea, nikanyamaza. "Nilikuwa" na "alikuwa" hutandika mkeka. "Nika-" ndiyo inayotembea.

Sasa rudi kwenye mwanzo wangu uhesabu. Kuna "ilikuwa", "nilikuwa" na "alikuwa" saba, na hakuna "-ka-" hata moja. Msikilizaji alikuwa ameketishwa mkekani dakika nzima, na hakuna aliyekuja. Kipimo changu siku hizi ni kwamba "-ka-" ya kwanza isipite sentensi ya pili, ikizidi sana ya tatu. Kila neno la mazingira naliuliza swali moja: nikiliondoa, yale aliyosema yule mama yatapungua nguvu? Siku yenyewe haiongezi kitu. Mashine inayovuja haiongezi kitu. Kinachohitajika ni kwamba nilikosea namba, basi. Najua inauma kuyaacha hayo, kwa sababu kwako wewe uliyekuwepo yote ni sehemu ya siku ile, na kujisahihisha siku unaona ni uaminifu. Lakini msikilizaji hana namna ya kujua kipi cha kushika na kipi cha kuachia, kwa hiyo anashika vyote mpaka anachoka.

Labov aliandika pia kwamba kisa kisicho na maana hukutana na swali linalonyausha: "Kwa hiyo?" Msimulizi mzuri hulizuia swali hilo lisiulizwe. Wengi wetu tunadhani njia ya kulizuia ni kueleza maana mwishoni, kama nilivyofanya kwa ile sentensi ya wazee na upweke. Mimi naona hapo ndipo tunapoharibu. Maana inatakiwa ikae ndani ya tukio, pale kileleni, na ishara ya kilele ni kwamba unaacha kukimbia. "-ka-" zinapumzika kidogo na watu wanaanza kusema kwa midomo yao.

Siku mbili baadaye nilimsimulia dada mmoja tunayefanya naye kazi. Safari hii nilianza na mstari mmoja tu:

"Juzi kuna mama kanifanya nishike simu nishindwe kusema neno, na wala hanijui."

"Kivipi?" akauliza.

Hiyo "kivipi" nimeisubiri makusudi. Ni ruhusa. Mstari wa kwanza unamwambia pia asikilizie nini, kwamba kuna mahali nitashindwa kusema, kwa hiyo tukifika atapajua mwenyewe. Nikaendelea:

"Nilikuwa nampigia fundi, nikakosea namba. Akapokea mama, sauti ya mtu mzima sana. Kabla sijasema kitu akaniambia, 'Mwanangu, leo umenikumbuka.' Nina neno moja tu la kusema, kwamba samahani nimekosea namba, na halitoki. Akauliza, 'Umeshakula?' Nikamjibu, 'Nimekula, mama.' Nilipokata simu nikampigia mama yangu. Tulikuwa na wiki tatu hatujaongea."

Nikanyamaza. Haikufika hata dakika moja.

Kunyamaza pale ni kazi ngumu kuliko kukata yale ya mwanzo. Ulimi unataka kuongeza "yaani", unataka kufafanua, unataka kusema ulivyojisikia. Kuna jaribio la mwanasaikolojia Janet Bavelas na wenzake, lililochapishwa mwaka 2000, ambalo linanisaidia kuelewa kwa nini. Watu walisimulia visa vya kuponea chupuchupu, na baadhi ya wasikilizaji walipewa kazi ya kuhesabu maneno yanayoanza na herufi fulani. Wasikilizaji hao walishindwa kuitikia ipasavyo, na wasimulizi wao wakasimulia vibaya zaidi, hasa mwishoni: walirudiarudia mwisho na kujieleza kwa nini kisa kilikuwa cha hatari. Kwa hiyo ule mwisho wangu wa "basi ndo hivyo" haukuharibika mwishoni. Uliharibika kwenye ile saba, nilipompoteza mtu wa kunisaidia kusimulia. Ukijisikia unaeleza mwisho mara ya pili, ujue tatizo liko nyuma, na kuongeza maneno hakutalitatua. Malizia tu, umwachie mwenzako nafasi.

Yule dada alikaa kimya kidogo, kisha akasema kwamba baba yake kila akimpigia simu huanza kwa kuomba radhi kuwa anamsumbua. Mwanasosholojia Harvey Sacks alilionyesha hili katika mihadhara yake: mara nyingi msikilizaji hujibu kisa kwa kisa chake kinachofanana nacho, na hapo ndipo unapojua alichokielewa. Angeweza kunijibu kwa habari za mafundi au namba za simu. Akanijibu kwa habari ya mzazi anayeogopa kuwa mzigo. Sikuwahi kutamka neno "upweke", naye alilipata.

Kuna mahali ambapo haya yote hayafai. Mtu akiwa ametoka tu kukueleza jambo linalomuumiza, kisa chako, hata kiwe kifupi namna gani, kinamnyang'anya kiti. Nimewahi kumfanyia hivyo mtu aliyefiwa, nikidhani namfariji kwa kumwonyesha kwamba najua. Alinisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza, na hakurudi tena kwenye maneno yake. Bado najutia.

Ndiyo maana siku ile, dada yule alipotaja radhi za baba yake, na mimi nikakumbuka jambo lingine la mama yangu linaloendana kabisa, nililimeza.

"Wewe huwa unamjibu nini?" nikamuuliza.

Akafikiri. "Simjibu," akasema. "Nacheka tu." Kisha akavuta kiti, akaanza kunieleza.