Mota ya fezi tatu ni jenereta ya mto, si ya upepo

Anayetaka stima kutoka kijito kinachoshuka kuelekea Mto Yala mara nyingi huanza kwa kutafuta oltaneta ya gari. Mimi ningemshauri atafute mota kuukuu ya fezi tatu iliyokuwa ikizungusha pampu, kwa kuwa haina brashi za kulika na fundi yeyote wa kusuka mota kule Kisumu anaijua ndani na nje. Lakini mwenye shamba kando ya ziwa anayetaka kuipandisha mota hiyohiyo juu ya mlingoti, nitamwambia asifanye hivyo. Kinachoifanya ifae mahali pamoja na ishindwe pengine ni jinsi inavyotegemea kapasita.

Rota, yaani sehemu inayozunguka ya mota hii, haina sumaku ya kudumu, na hakuna waya unaoipelekea stima. Ina vyuma vilivyobanwa pamoja na vipande vya alumini vilivyopita ndani yake. Hata hivyo, mota iliyowahi kufanya kazi hubaki na usumaku kidogo katika chuma. Ukiizungusha kwa nguvu za maji, usumaku huo huzalisha volti chache tu kwenye nyaya. Sasa funga kapasita kwenye nyaya hizo. Volti zile chache husukuma mkondo mdogo kupitia kapasita, na kwa kuwa mkondo wa kapasita hutangulia volteji, unaporudi kwenye nyaya za mota unauongezea usumaku badala ya kuupunguza. Usumaku ukiongezeka volti zinapanda, nazo huongeza mkondo. Ukiwa na mita mkononi utaona sindano ikikaa chini kwa muda, kisha ikaruka ghafla.

Kinachoisimamisha ni chuma chenyewe. Kikishashiba usumaku, mkondo wa ziada hauleti volti za maana, na volteji hutulia pale ambapo mkondo unaotolewa na kapasita unalingana na ule ambao chuma kinahitaji. Kapasita zikiwa ndogo mno, sindano hairuki kamwe hata uzungushe mchana kutwa.

Tuchukue mfano wa kijito chenye mwanguko wa mita 10 na lita 25 za maji kwa sekunde. Maji hayo yana kama kilowati 2.45, na kwa turbaini ya kuchomelea, mkanda na mota, nusu yake ikifika nyumbani ni kazi nzuri. Hiyo ni kama wati 1,200. Mota ya kilowati 2.2 inatosha, ile ambayo kibati chake kinasoma volti 240/415 na mizunguko 1,430 hivi kwa dakika. Namba 240 ni muhimu, kwa sababu tutaifunga delta, yaani koili tatu zikifuatana kama pembetatu, ili kila koili ipate volti 240, sawa na za nyumbani.

Ukubwa wa kapasita haukisiwi. Kabla ya kuipeleka mtoni, mwombe fundi aiwashe kwenye stima ya fezi tatu, ikiwa imefungwa sta, yaani ncha moja ya kila koili zikiwa zimekutana mahali pamoja, kwa volti 415 na bila kazi yoyote, kisha apime mkondo. Tuseme amepata ampea 2.5. Katika sta mkondo huo ndio unaopita kwenye kila koili, nayo koili iko kwenye volti 240. Basi, C ikiwa ukubwa wa kapasita, I mkondo, f hezi na V volti:

```
C = I / (2 × 3.14 × f × V)
C = 2.5 / (2 × 3.14 × 50 × 240) = 0.000033
```

Ni maikrofaradi 33 kwa koili. Ikibeba mzigo itahitaji zaidi kidogo, kwa hiyo nachukua 40. Ziwe kapasita za kuendeshea mota, za volti 450 za stima ya kubadilika. Zile za kuwashia zimetengenezwa kwa sekunde chache tu, na zikiachwa kwenye jenereta hupasuka.

Nyumbani tunatumia fezi moja, na hapa ndipo penye ufundi ninaoupenda kuliko yote. Koili ya kwanza unaipa maikrofaradi 40, ya pili 80, ya tatu huipi kitu. Nyumba unaifunga sambamba na zile 40. Kwa hesabu, koili zote tatu hubeba kazi sawasawa pale nyumba inapokula kama wati 1,250, yaani karibu kabisa na kile kijito kinachotoa. Lakini zile 80 lazima ziwe kwenye koili inayofuata ile ya kwanza kwa mwelekeo wa mzunguko. Ukikosea, mota itanguruma na kupata moto kwa mzigo mdogo, na mita itaonyesha volti zisizolingana kabisa kwenye koili tatu. Dawa ni kusimamisha mota, kumaliza chaji ya kapasita kwa rezista, kisha kuhamishia zile 80 kwenye koili ya tatu. Usiziguse kabla ya kumaliza chaji. Kapasita iliyokaa kimya bado inaweza kukurusha.

Hesabu hiyo ya wati 1,250 inaleta jambo ambalo wengi huliruka kwa kubana pesa. Mzigo lazima ubaki uleule usiku na mchana. Wote wakizima taa, maji yanaendelea kusukuma vilevile, turbaini inaweza kukaribia mara mbili ya mwendo wake, na volti zinapanda hadi balbu na kapasita zikaungua. Kwa hiyo panahitajika kidhibiti kinachosoma volti na kupeleka stima isiyotumika kwenye hita iliyozama ndani ya pipa la maji. Mimi sioni kama kidhibiti ni nyongeza. Asiyekuwa na pesa zake asubiri azipate kwanza.

Upande wa pili mashine hii ina hisani. Nyaya zikigusana au mzigo ukizidi mno, volti huporomoka hadi karibu na sifuri, na kwa kawaida mota haiungui. Shida ni kwamba usumaku wa chuma nao unaweza kupotea, na ukiizungusha tena mita haisomi chochote. Hapo isimamishe, itenganishe na nyumba na kapasita, kisha gusisha betri ya volti 12 kwenye koili moja kwa sekunde chache. Mara nyingi inarudi. Ianzishe bila mzigo, na nyumba uiunganishe baada ya volti kutulia.

Sasa upepo. Kapasita inayohitajika ili sindano iruke hukua kwa mraba mwendo unapopungua. Mwendo ukishuka hadi nusu, zile zile 40 hazitoshi tena, zinatakiwa kama mara nne yake. Mto wenye mfereji mzuri huleta mwendo uleule saa zote, kwa hiyo kapasita moja inatosha. Upepo wa Ziwa Victoria huanza kuvuma mchana jua likishapasha nchi kavu, na hata hapo hupanda na kushuka kila dakika. Kila ukilegea, mota inaacha kuzalisha, na kila ukizidi, volti zinapita kiasi. Tena mota hii inahitaji kupita mizunguko 1,500 kwa dakika ili kutoa hezi 50, wakati mapanga ya upepo ya nyumbani huzunguka mia chache tu, kwa hiyo utahitaji giabox ambayo nayo inakula nguvu.

Kwa mwenye shamba wa kando ya ziwa ningependekeza jenereta yenye sumaku za kudumu kwenye rota, inayochaji betri kupitia daraja la dayodi, linalogeuza stima ya kubadilika kuwa ya mwelekeo mmoja. Hiyo huzalisha volti kwa mwendo wowote, haitegemei kapasita, na betri haijali kama hezi ni 20 au 60.