Rangoli ya kwanza: tausi angoje, tafuta kamba

Wanaoanza rangoli, ile michoro ya rangi ambayo Wahindu huchora sakafuni mlangoni wakati wa Diwali, sikukuu yao ya taa, karibu wote huponzwa na tausi. Mtu ameona picha ya tausi mwenye manyoya ya rangi nane, amenunua unga wa rangi, na jioni ya Diwali kizingiti chake kinafanana na mahali palipomwagika pilau. Mimi nasema unga nao uachwe kwanza. Unataka mkono uliozoea: unaubana kati ya kidole gumba na cha shahada, unauachia kidogo kidogo, mstari utoke sawa. Ukipita upepo, kazi imekwisha. Mchele ni mzito, hauruki, na ukikosea unausogeza kwa mpini wa kijiko.

Haya nilifundishwa na bibi mmoja Mgujarati, jirani yetu Upanga. Wajukuu zake humwita Ba, nasi wapangaji tukafuata.

Nunua chenga. Usiharibu mchele wa Kyela kwa kazi hii. Chenga ni rahisi, tena punje fupi zinajaza kona vizuri zaidi. Weka kikombe kimoja kwenye kopo lenye mfuniko, tia kijiko kimoja cha chai cha siki na matone kumi hivi ya rangi ya chakula, funga, tikisa mpaka kila punje ishike rangi. Siki inaisambaza rangi bila kuulowesha mchele. Mara ya kwanza mimi nilitumia maji, tena mengi. Punje zikavimba, zikashikana mabonge, na kesho yake zilinuka uchachu. Tandaza kwenye gazeti usiku kucha. Asubuhi chukua ukufi mmoja uuachie: ukimwagika punje mojamoja, umekauka. Na iwe rangi ya chakula kweli, si ya nguo, maana njiwa na kunguru watakuja kula, utake usitake.

Sasa kamba. Kabla ya yote fungua mlango uone unafika wapi, kisha chora mbali na hapo, la sivyo mlango wenyewe utafagia ua lako. Funga chaki kwenye kamba, upime sentimita 30 kutoka kwenye chaki, ncha ya pili uibane sakafuni kwa kidole, uzungushe duara. Usibadili urefu wa kamba. Bana ncha popote juu ya duara na uchore tao linalopita katikati, kutoka ukingo hadi ukingo. Pale tao lilipokata duara, hamishia kidole hapo, chora jingine. Ukifika mara ya sita unarudi ulipoanzia, na mbele yako kuna ua la petali sita zilizolingana, bila rula wala hesabu. Sakafu ikiwa ya vigae vinavyoteleza, chovya chaki majini. Mstari utaonekana hafifu ukiwa mbichi, ukikauka utatokea mweupe.

Kila petali ina upana wa sentimita nane hivi katikati. Petali tatu zijaze kwa rangi moja na tatu kwa nyingine, kwa kupokezana. Kikombe kimoja cha kila rangi kinatosha na kubaki. Pitisha punje kwenye mstari kwanza, kisha jaza ndani, unene wa punje moja tu. Ukirundika, kingo zinaporomoka. Nami nilianzia nje. Ba alisimama mlangoni akiniangalia, kisha akauliza, "Na katikati utafikaje, utaruka?" Tangu hapo naanzia katikati, narudi nyuma nimechuchumaa.

Nafasi kati ya petali za mchele ni za maua. Wagujarati hutumia galgota, yale maua ya duara ya rangi ya chungwa yanayotungwa mashada. Ukiyakosa, chambua mawaridi, au asumini. Yaweke mwisho kabisa, jua likishazama, kwa sababu petali zilizochambuliwa saa nane mchana zinasinyaa kabla mgeni wa kwanza hajabisha hodi. Vitaa vya mafuta vikae nje ya duara, umbali wa shubiri moja. Tone la mafuta likiingia kwenye mchele linasambaa na kuacha doa jeusi, na petali kavu karibu na utambi ni kutafuta balaa.

Diwali huangukia Oktoba au Novemba, na huku kwetu huo ni msimu wa vuli. Kama huna kibaraza chenye paa, chora ndani ya mlango. Chaki na mvua havipatani.

Kilichobaki ni nyayo za Lakshmi, mungu wa kike wa neema anayekaribishwa nyumbani usiku huo, jozi mbili tatu ndogo za chaki kutoka kwenye ua hadi kizingitini. Mwaka wangu wa kwanza nilizichora nikiwa nimesimama ndani, nikitazama barabarani, vidole vikaelekea nje. Ba alicheka mpaka akatafuta kiti. "Mwanangu," akasema, "hata hajaingia, unamfukuza?"