Vidonge mnagawa, beseni je?

Juzi nilimsindikiza mama mdogo zahanati. Mguu wake wa kushoto una matende tangu sijazaliwa, na usiku uliotangulia alitetemeka hadi kitanda kikalia. Mhudumu akautazama mguu akiwa kwenye kiti chake, akampima malaria, kipimo kikasema hakuna, akampa dawa ya malaria vilevile. Nilipouliza kuhusu mguu akajibu, "Matende hayana dawa, azoee tu." Nikataka kumjibu, mama mdogo akanifinya mkono. Basi namjibu hapa.

Kidonge cha kuurudisha mguu uliokomaa kuwa kama mwenzake hakipo, hilo nakubali kwa shingo upande. Lakini mama mdogo hakwenda pale kuomba mguu mpya. Alikwenda kwa sababu ya homa, na homa ile ina mlango wa kuingilia. Mlango wenyewe ulikuwa wazi siku ile, kati ya kidole kidogo cha mguu na kinachokifuata, na hakuna aliyeinama kuutazama.

Minyoo ya matende, inayoletwa na mbu, hukaa ndani ya mishipa ya limfu miaka 6 hadi 8 na kuiharibu, maji ya mwilini yakakosa njia ya kurudi juu. Kwa wale wenye mguu kama huo wa nyanda za juu waliotembea peku miaka mingi kwenye udongo mwekundu wa volkano, hakuna mnyoo wala mbu, ni chembe za udongo zinazopenya ngozi ya wayo na kuiharibu mishipa ileile. Kuanzia hapo wagonjwa wote wawili wako njia moja. Mguu uliolala na maji hauna ulinzi, na bakteria ambao kwako na kwangu wangeishia kwenye ngozi, kwake wanapata ufa mdogo wanaingia. Mguu unawaka moto, mtoki unauma kinenani, homa inapanda. Shambulio likipita linaacha kovu ndani ya mishipa, na maji yanayobaki yanakuwa mengi kuliko ya mwanzo. Kinachonenepesha mguu mwaka hadi mwaka ni mashambulio haya, hata minyoo ikiwa imeshakufa zamani.

Ndiyo maana nasema malaria gani hiyo inayochemsha mguu mmoja na kuuacha wa pili baridi? Weka viganja vyako, kimoja kila mguu. Jibu utalipata kabla ya kipimo.

Nyumbani nilimwomba mama mdogo nimtazame vidole. Alikataa kwanza. Tatizo ni kwamba ukimwambia mtu mwenye matende aoshe mguu, anasikia umemwambia mchafu, na harufu ile imeshamfukuza kwenye shughuli za watu kiasi cha kutosha. Nikamwambia anaoga kuliko mimi (na ni kweli), ila maji ya kuoga yanapita juu ya mikunjo yanakwenda zake. Tulipopanua vidole kwenye mwanga, nyama ya katikati ilikuwa nyeupe, imelowa, imechanika. Fangasi. Harufu nayo inatoka humohumo.

Kuosha kwenyewe kuna utaratibu. Maji yawe ya kawaida, yasiwe ya moto. Joto linazidisha uvimbe. Sabuni iwe ya kawaida isiyo na manukato. Unaanza pale juu uvimbe unapoanzia, unashuka taratibu hadi wayo, halafu unaingia kwenye kila mkunjo na kati ya kila kidole kwa kitambaa laini au pamba. Brashi na jiwe la kusugulia weka mbali, maana kila mchubuko ni mlango mpya. Suuza, paka povu tena, suuza tena, mpaka maji yanayodondoka yawe safi kama yalivyoingia. Mguu mzito hauinamishiki kirahisi, kwa hiyo mgonjwa akae kwenye kiti na awepo mtu wa kumsaidia kufika vidoleni. Mguu wa pili nao uoshwe, hata kama ni mzima.

Sasa kukausha, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Mtu anaosha vizuri, anapangusa juujuu, anavaa soksi. Umemwandalia fangasi makazi! Kausha kwa kugusagusa, usisugue. Kati ya vidole pitisha kipande chembamba cha kitambaa kikavu, kitoe, kitazame. Kikitoka na unyevu, rudia na kingine. Mikunjo mirefu ipepee. Kisha dawa ya fangasi kati ya vidole, na ya vidonda penye kidonda, kama mhudumu alivyoelekeza. Mafuta ya kupaka ni kwa ngozi kavu ya juu, hasa kwa wale wa udongo mwekundu ambao ngozi yao hukauka na kupasuka. Kati ya vidole usipake, yanafungia unyevu ndani. Mama mdogo alikuwa akipaka humo kwa wingi, kwa nia njema kabisa.

Hivi ni kila siku. Ukiruka siku chache nyama inalowa tena.

Akikaa, mguu uinuliwe. Akilala, upande wa miguu wa kitanda uwe juu kidogo, isipokuwa kama ana ugonjwa wa moyo, hapo aulize kwanza. Viatu viwe vipana, vya kufunika.

Shambulio likija, kama alikuwa akifanya mazoezi ya mguu au kuufunga bandeji, vinasimama. Apumzike, mguu juu, kitambaa cha maji baridi, maji ya kunywa kwa wingi, parasetamoli, na aende akapewe antibayotiki ya kumeza. Malengelenge yasipasuliwe. Na jamani, chale! Watu wanachanja mguu ili "damu mbaya" itoke, kisha wanashangaa kesho yake homa imepanda. Akianza kuchanganyikiwa, usaha ukitoka, au homa ikigoma kushuka baada ya siku moja ya dawa, hiyo ni hospitali.

Kwamba kuosha kunafanya kazi si jambo la kubahatisha. Madaktari wa Recife, Brazili, walionyesha miaka mingi iliyopita kwamba usafi wa ngozi unapunguza mashambulio, na utafiti wa Ethiopia kwa wagonjwa wa udongo mwekundu ukaonyesha hivyohivyo. Utajua unafanikiwa kwa mpangilio huu: harufu inaondoka kwanza, nyama kati ya vidole inafunga, homa zinaachana mbali. Mguu ulio bado laini, ukiubonyeza ukabaki na shimo, unaweza kupungua. Ulioshakuwa mgumu wenye vinundu haupungui sana, na anayekuahidi vingine anataka hela yako.

Kampeni za kugawa vidonge vya kuzuia matende sizipingi. Zinakata maambukizi, na watoto wa leo hawatapata mguu kama ule. Ila mgawaji anakuja na fimbo yake ya kupimia urefu, anamsimamisha mama mdogo, anasoma alama kichwani, anahesabu vidonge, anaondoka. Macho yake yote yako juu. Sidai daktari bingwa: mgawaji huyohuyo, akishamaliza kupima kichwa, amwombe akae, apanue vidole vyake vya mguu, na amwonyeshe mara moja jinsi ya kukausha kile cha mwisho.