Mtoto amekunywa chai, lakini je, amekula?

Mombasa tukitaka kujua kama mtoto amefungua kinywa, twauliza: "Amekunywa chai?" Swali hilo ndilo linalotupoteza, maana mara nyingi jibu ni ndiyo, na ni chai tupu kweli.

Kwani mtu hawezi kuruka chakula cha asubuhi?

Mtu mzima mwenye afya aweza, na hadhuriki. Mimi sioni ajabu mtu kuanza kula saa sita mchana. Mtoto ni habari nyingine: ini lake ni dogo, na sukari iliyohifadhiwa humo huisha upesi, ilhali ubongo wake unatumia nyingi kuliko wa mtu mzima kwa kulinganisha na mwili. Chukua mtoto wa miaka minane aliyekula saa moja na nusu usiku. Akingoja mapumziko ya saa nne asubuhi, amekaa saa kumi na nne na nusu bila chakula.

Na masomo huathirika kweli?

Inategemea ni mtoto gani. Huko Jamaika, watoto 814 wa shule za vijijini waligawanywa: nusu walipewa chakula cha asubuhi kwa mwaka mzima wa shule, na nusu wengine wakapewa robo ya chungwa tu. Matokeo yalichapishwa 1998. Waliolishwa walihudhuria zaidi na wakaongezeka kimo na uzani, ingawa kwa kiasi kidogo. Hesabu zilipanda kwa wale wa madarasa ya chini. Utafiti mwingine wa huko huko ulionyesha kwamba anayeumia zaidi akikosa ni yule ambaye tayari ana utapiamlo. Kwa hiyo mtoto aliyeshiba vizuri akikosa siku moja, usitarajie afeli mtihani.

Chai ya rangi na hamri moja haitoshi?

Hapo pana unga, mafuta na sukari. Protini ni chache, na mtoto huanza kupiga miayo na kulalamika kichwa kabla ya mapumziko, mwalimu akadhani ni uvivu. Tena chai huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye mbaazi. Mpe hamri na mbaazi zake, chai ingoje jioni. Mbaazi kavu roweka usiku, chemsha nusu kilo Jumapili, gawa kwenye vibakuli uweke kwenye friji. Asubuhi ni kupasha tu.

Kama hamri ni ghali, pika uji: vijiko viwili vikubwa vya unga wa wimbi kwa kikombe cha maji. Unga koroga kwanza kwa maji baridi, kwani ukiumwaga kwenye maji ya moto utafanya madonge, na mtoto ataukataa kwa hayo madonge, si kwa uji wenyewe. Kamulia ndimu, nayo husaidia hayo madini ya chuma kuingia mwilini.

Asubuhi hataki kabisa, asema anasikia kichefuchefu.

Mara nyingi ameamshwa na kusukumiwa sahani papo hapo. Mwamshe dakika ishirini mapema, ale baada ya kuoga. Akikataa bado, mfungie hamri na yai la kuchemsha ale akifika shuleni, kabla ya kengele.