Kifurushi cha Iliki

Tangu binti yangu mwenye umri wa miaka 15 atangaze kwamba hatakula tena nyama wala samaki, habari ambayo jamaa zetu wavuvi hapa Lamu waliipokea kama tanzia, niliapa kwamba sitapika vyakula viwili kila usiku. Chungu kikuu kingekuwa cha wote, na samaki angekaangwa mwisho katika kikaango chake, awekwe kwenye sinia yake, na amtakaye ajipakulie.

Siku ya kisa hiki kilikuwa chungu cha mbaazi za nazi. Nusu kilo ya mbaazi kavu, zikilowekwa usiku kucha, hutushibisha sote sita kwa wali. Nilizichemsha bila chumvi mpaka zikabonyea kwa vidole, nikatenga bakuli moja la kula na mahamri asubuhi, kisha zilizobaki nikazitia kitunguu, pilipili mbichi, manjano na tui jepesi. Tui zito huingia mwisho, kwa moto mdogo na upawa usiotulia, kwa sababu likichemka kwa nguvu hukatika. Nilipotoka kwenda kununua ndimu, nilimwachia mama mkwe upawa huo.

Mama mkwe ni mcha Mungu na mpishi hodari, lakini hakuamini kwamba mtoto anaweza kukua kwa mbaazi.

Tulipoketi kula, mume wangu alichota mchuzi, na upawa ukaibuka na kifurushi cha kitambaa cheupe kilichofungwa kwa uzi wa kushonea, kikichuruzika tui.

“Ni iliki na mdalasini, mwanangu,” alisema mama mkwe kabla hajaulizwa.

Huenda tungemwamini, kwani viungo hufungwa hivyo ili visitafunwe. Lakini paka wetu, ambaye hajawahi kujishughulisha na iliki, aliruka juu ya mkeka, akakinyakua kifurushi na kukirarua mbele ya macho yetu. Ndani mlikuwa na kipande kinene cha ng’onda, chumvi yake ikiwa imekwisha kuingia chunguni.

Binti yangu alisukuma sahani yake pembeni bila neno. Nilikwenda jikoni, nikalichukua lile bakuli la asubuhi, nikazitia zile mbaazi kitunguu na tui lililosalia, na baada ya muda usiozidi robo saa akawa na chakula chake, bila mimi kuinjika chungu kipya. Sisi wengine tulizila zile za ng’onda, na sitaficha kwamba zilikuwa tamu mno.

“Bibi,” aliuliza binti yangu kwa upole akiwa katikati ya kula, “na ule mchicha wa nazi wa juzi, uliousifu sana?”

Mama mkwe alichukua tasbihi yake, akainuka, na kusema kwamba anahofia swala ya isha itampita, ingawa alikuwa ameiswali kabla ya chakula.