King'ora cha Uji

Najua fundi wa boila ameshawahadithia. Tangu Jumatatu nikikatiza ukumbi wa kumenyea, nyuma yangu mtu analia "uuuuu", halafu ukumbi mzima unavunjika mbavu. Kwenye grupu la zamu ameandika kwamba nilikimbia hadi barabara ya Mikindani nikiita moto. Sikukimbia. Nilikwenda mwendo wa haraka, nikiwa na kipaza sauti mkononi, na nilikuwa na sababu.

Kwa ninyi mlio nje: ni kiwanda cha korosho hapa Mtwara (jina silitaji, mshahara wangu bado naupenda). Jumatatu tuliletewa mkufunzi wa usalama, dada mmoja mpole, ndita hana, kilemba cha kijani. Mada ilikuwa moto na namna ya kutoka kiwandani. Mimi, kwa kuwa ndiye msimamizi mwenye sauti, nikapewa kazi ya kumtambulisha. Ofisi ya rasilimali watu ikanipa wasifu wake, karatasi mbili zilizochapwa pande zote. Wakaniambia, "Soma tu."

Nikasoma tu.

Sasa niwaeleze kuhusu wasikilizaji. Wengi ni kina mama wa kubangua na kumenya, na hulipwa kwa kilo. Watu wa ofisini wanadhani wafanyakazi wanachukia semina kwa sababu zinachosha. Hazichoshi, zinakula kilo. Mama aliyekaa kwenye gunia akimsikiliza mtu anataja vyeti vyake anapiga hesabu kichwani: hapa ningeshamaliza beseni. Ukimtazama usoni utasema anasinzia, kumbe anahesabu hasara. Hakuna aliyekuwa ametuambia kama muda ule unalipwa, na mimi sikuwa na jibu kwenye karatasi zangu.

Basi nikaanza na shule ya msingi aliyosoma mgeni. Nikaja sekondari. Nikasema "bila kupoteza muda" nikiwa bado nipo kidato cha nne. Nikafika kwenye vyeti, vilikuwa vingi, na kila kimoja kina jina refu. Bibi mmoja wa mstari wa mbele, mkongwe kuliko mashine zote mle ndani, akanyoosha miguu, akauliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, huyu dada umeletewa posa?"

Kicheko. Hapo ndipo nilipoona lazima niwaamshe, na nyuma yangu ukutani, futi mbili tu, kipo kitufe chekundu cha king'ora.

Naomba muisome sehemu hii taratibu, maana ndivyo ilivyonipita.

Nikasema, kwa sauti ya redio: "Na leo mgeni wetu atatufundisha nini cha kufanya tukisikia HIKI!" Nikabonyeza. King'ora kikalia. Nikaachia tabasamu, nikimgeukia mkufunzi ili aingie kwa kishindo. Yule bibi akainua uso, lakini hakutazama kule kinakolia, alitazama jua mlangoni. Ilikuwa saa tatu na dakika arobaini hivi. Akajifunga khanga vizuri kiunoni. Akachukua kikombe chake cha bati kilichokuwa chini ya gunia. Akasema neno moja tu: "Uji."

Wakainuka wote.

Ndugu zangu, king'ora chetu cha dharura ndicho kile kile cha chai ya saa nne. Mlio ule ule, kitufe kile kile. Mwaka mzima tumewafundisha, kila siku ya kazi, kwamba sauti hiyo maana yake ni uji na mihogo. Nikawa napiga kelele, "Kaeni! Ni mfano! Ni mfano wa moto!" Kipaza sauti kikabeba neno la mwisho peke yake. Waliokuwa karibu wakasikia uji, waliokuwa mbali wakasikia moto, na wote, cha ajabu, wakaelekea sehemu moja: kantini.

Mkufunzi hakusema kitu. Alitoa simu, akabonyeza saa ya kuhesabu muda, akawafuata. Nami nikamfuata yeye. Huo ndio mwendo wa haraka mnaoambiwa nilikimbia.

Angalieni njia waliyopita. Ukitoka ukumbini kuna mlango wa pembeni unaokutoa moja kwa moja uwanjani, hatua chache tu. Una kufuli. Una kufuli kwa sababu kiini cha korosho ni pesa, na kinaingia mfukoni kirahisi, na funguo anayo mlinzi wa geti kuu. Kwa hiyo watu wote wakapita mlango mmoja, wakaingia ukumbi wa kubangulia ambako sakafu ina mafuta ya maganda (watu wawili waliteleza, mmoja akakaa chini kabisa, akainuka na kuendelea na safari ya uji), kisha wakapita ubavuni mwa boila, kando ya lundo la maganda tunayochochea. Yaani kama moto ungekuwepo, ungekuwa pale. Ganda la korosho lina mafuta mengi, likishika linawaka kwa moshi mzito mweusi, na moshi ule unakuangusha kabla moto haujakugusa. Tuliwapeleka watu mia na ushee kulitembelea lundo hilo.

Eneo la kukusanyikia, lenye kibao cha kijani chini ya mwembe, tulikuta lori la magunia limeegeshwa juu yake. Waliokuwepo pale ni mimi, mkufunzi, na mbuzi wa mlinzi.

"Tuhesabu," akasema dada. Nikatoa daftari la mahudhurio. Tukaenda kantini kuhesabu vichwa. Majina yakawa machache kuliko watu, kwa sababu ya vibarua wa msimu ambao wanaandikwa jioni wakati wa kupima kilo, si asubuhi wakati wa kuingia. Halafu tukarudia, na baadhi ya wenye majina hawakuonekana. Kumbe wawili walikuwa chumba cha boila na hawakusikia king'ora kabisa kwa ule mngurumo, na mmoja alikuwa chooni, akapaza sauti kwamba yupo na tusimwandike marehemu. Mkufunzi akanionyesha simu. Sitataja dakika. Fundi wa boila ameshazitaja, na hiyo ndiyo sehemu pekee ya hadithi yake isiyotiwa chumvi.

Baada ya uji (ndiyo, tulikunywa, ungewarudishaje?) dada alisimama mwenyewe, bila kipaza sauti wala mimi. Hakujitambulisha. Aliinua mikono yake tu, akaigeuza. Kwenye ncha za vidole kulikuwa na yale mabaka meusi, na kati ya kidole gumba na cha shahada ngozi ilikuwa imekakamaa na kung'aa. Kila mbanguaji anayajua mabaka hayo, ni mafuta ya ganda yanayounguza ngozi pale unapobangua bila glovu au jivu. Bibi akasogea mbele, akaushika ule mkono, akautazama kama anasoma barua. "Ulibangua wapi, mwanangu?" "Masasi, bibi. Misimu miwili, kabla sijaenda kusoma."

Ukumbi ukanyamaza. Na jambo hilo, waungwana, lilikuwepo kwenye wasifu! Karatasi ya pili, upande wa nyuma, chini ya vyeti vyote. Mimi niliishia kwenye vyeti.

Mchana akaniita pembeni, maana zamu ya pili ilikuwa inaingia na ilibidi nimtambulishe tena. Nilitegemea anisute. Badala yake akanifundisha utambulisho kama fundi anavyofundisha kubadili beringi. Usizidi dakika moja. Anza na wao, si na mgeni: muda huu unalipwa au haulipwi, na utaisha saa ngapi, kwa sababu mtu asiyejua hayo hasikii lingine lolote. Kisha shida moja ya hapa hapa, wanayoiona kwa macho. Kisha sababu moja tu ya kumsikiliza mtu huyu, na vyeti viache kwenye bahasha. Jina lije mwisho kabisa, ili makofi yaangukie jina na mgeni aingie juu yake. Ukishalitaja, ondoka, usibaki umesimama katikati kama unasubiri zawadi. Na usiombe radhi kwamba mafunzo yanachosha, maana ukishasema hivyo umewapa ruhusa ya kusinzia. Wala usimalizie somo lake mdomoni mwako. Kitufe hakukitaja, lakini alikitazama.

Nikapanda kwa meneja kuulizia malipo. Akakubali kwamba saa ile ilipwe kwa wastani wa kilo za kila mtu. Nikashuka, nikasimama mbele ya zamu ya pili, ambayo tayari ilikuwa na habari zote na ilikuwa inanisubiri kwa hamu mbaya sana. Nikasema hivi:

"Saa hii inalipwa, nimetoka kwa meneja sasa hivi. Tutamaliza kabla ya saa tisa. Asubuhi wenzenu walisikia king'ora wakaenda kunywa uji kupitia kwenye boila, na mlango ule pale ulikuwa na kufuli. Aliyehesabu muda wao alibangua korosho Masasi misimu miwili, mabaka anayo mkononi. Karibu, dada mkufunzi." Nikataja jina lake, nikaenda kukaa. Waliponizomea waliishia sekunde chache, kisha mtu akauliza swali kabla mkufunzi hajafungua mdomo: "Funguo ya mlango ule nani anayo?"

Mengine yalikwenda haraka. King'ora sasa ni cha dharura peke yake, mlio usiokatika, na chumba cha boila kinawekewa taa nyekundu ya kumwekamweka. Chai inagongewa rimu la lori lililotundikwa kwenye mwembe, ili hata mtoto asichanganye. Lori la magunia limehamishwa. Kila msimamizi anaandika vibarua wake asubuhi na anatoka na daftari lake mkononi. Mlango wa pembeni umetolewa kufuli, ukafungiwa komeo la kusukuma kwa ndani, unaofungukia nje, na kwa hofu ya wizi umetiwa lakiri ya plastiki yenye namba: ukiusukuma kwa mkono mtupu inakatika, unatoka salama, lakini kila mtu anajua kwamba umefunguliwa.

Lakiri ya kwanza ilikutwa imekatika Jumatano. Tukaitana, tukapekua mifuko, tukamhoji mlinzi. Kumbe aliyepita ni meneja, amekata njia kuwahi mihogo.